Nyimbo za Kazi Unyamwezi (III): Katika Kiwanda cha Mhunzi

Katika makala iliyotangulia tulifuatana na kirangozi wa msafara mpaka Unyanyembe, tukaona jinsi alivyouanza wimbo, na wapagazi, kila mmoja akiwa na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, wakamwitikia kwa hatua za miguu. Leo na tuketi kando ya njia ile ile, kiwandani mwa mhunzi, mahali palipofuliwa majembe ambayo Wanyamwezi waliyauza na hata kuyatoa mahari. Kwani wimbo wa humo ni ndugu wa wimbo wa safari, ila hauongozwi na mguu.

Watu huwa wanne: mvukutaji kwenye mivuo miwili, mhunzi mwenye koleo na nyundo ndogo, na wapigaji wawili wenye nyundo nzito. Chuma kikiwa motoni, anayeimba ni mvukutaji, kwa sauti ya uchangamfu isiyo na haraka, mkono wa kuume ukishuka penye mwito na wa kushoto penye kiitikio, ili pumzi ya mivuo isikatike na makaa yasififie. Chuma kikishatua juu ya fuawe wimbo hubadilika, ukawa mfupi: mhunzi hugusa kwa nyundo ndogo mahali panapotakiwa, mpigaji wa kwanza hupiga hapo, kisha wa pili, na kila pigo huangukia silabi yake. Mwenye kuchelewa silabi moja nyundo yake hukutana na ya mwenziwe hewani, na mimi binafsi sijui adhabu ya kughani vibaya iliyo kali kuliko hiyo.

Wengi hudhani kwamba wimbo ndio unaoiendesha nyundo. Sivyo, nyundo nzito ina muda wake wa kupanda na kushuka, na wimbo hauna budi kuufuata. Vijana wakinogewa, aghalabu huukaza mwendo pasipo kujijua, nyundo zikawa haziinuliwi mpaka juu, mlio ukawa mwembamba, na jembe lisipanuke ijapokuwa jasho linatiririka. Kwenye mivuo haraka hiyo ina hasara kubwa zaidi, kwa maana moto ukizidi, chuma hutoa cheche nyeupe kama fataki, nayo ni dalili kwamba kinaungua, na kilichoungua hakifuliki tena. Wimbo ukizorota nao, chuma hupoa mikononi: wekundu hugeuka weusi kabla ya mapigo kutosha, na mwenye kukaidi akaendelea kupiga hukipasua ukingoni.

Mhunzi basi hana haja ya kukemea. Akiona wamekwenda mbio, huichukua zamu ya mwito yeye mwenyewe na kuyavuta maneno. Akiona chuma kimeanza kupoteza rangi, huiacha nyundo yake ianguke juu ya fuawe tupu, na kwa mlio huo wapigaji husita hapo hapo, hata kama kiitikio kimefika nusu ya neno. Nusu iliyobaki humaliziwa na mvukutaji, chuma kikirudi motoni.