Je, Mashine Yako ya Sukari Inasema Kweli?

Ndugu msomaji, siku hizi watu wengi wenye ugonjwa wa kisukari, mjini Arusha na hata vijijini kwenye miteremko ya Mlima Meru, wana mashine ndogo za kujipimia sukari nyumbani. Mgonjwa hujitoboa kidole, huweka tone la damu kwenye kipande chembamba kiitwacho stripu, na mashine huonyesha namba. Kwa anayejidunga insulini, namba hiyo ni jambo kubwa. Mashine ikionyesha sukari nyingi kuliko iliyopo mwilini, anaweza kujidunga dawa nyingi mno, sukari ikashuka, akaanguka na kuzimia.

Basi mashine nayo lazima ipimwe. Kuna njia mbili. Ya kwanza hufanywa nyumbani. Ya pili hufanywa hospitali.

Njia ya kwanza: maji ya kuhakiki

Mashine nyingi zina kichupa chake cha maji ya kuhakiki. Watu wa maabara huyaita kontroo. Maji haya si damu wala si dawa. Yametiwa sukari ya kiasi kinachojulikana, na kazi yake ni kuonyesha kama mashine na stripu zinafanya kazi vizuri pamoja. Nunua yale ya aina ya mashine yako tu.

Fanya hivi:

1. Soma tarehe ya mwisho kwenye kopo la stripu na kwenye kichupa. Kichupa kikishafunguliwa, kwa kawaida hutumika miezi 3 tu. Andika juu yake siku uliyokifungua.

2. Tikisa kichupa. Tone la kwanza lifute. Tone la pili liweke mahali safi, kisha ligusishe kwenye ncha ya stripu.

3. Linganisha namba ya mashine na namba mbili zilizoandikwa kwenye kopo la stripu. Tuseme kopo limeandikwa 5.8 hadi 7.9. Mashine ikionyesha 6.7, ni sawa. Ikionyesha 8.8, si sawa.

Namba hizo za kopo ni za maji ya kuhakiki tu. Usidhani ndizo sukari inayotakiwa mwilini mwako.

Kama jibu si sawa, rudia kwa stripu mpya. Likikataa tena, jaribu stripu za kopo jingine. Mara nyingi kosa ni la stripu. Kopo likiachwa wazi, unyevu huingia na kuziharibu. Jua kali na joto la jiko pia huziharibu. Baridi nayo ina kazi yake. Asubuhi za Juni na Julai huku juu mlimani ni baridi sana, na mashine nyingi hazitakiwi kutumika kwenye baridi chini ya nyuzi 10. Iache kwanza ndani ya nyumba ipate joto.

Fanya jaribio hili unapofungua kopo jipya la stripu, mashine ikianguka, au namba zikikushangaza.

Njia ya pili: kulinganisha na maabara

Maji ya kuhakiki hayajui kama kidole chako ni kichafu, wala hayajui hali ya damu yako. Kwa hiyo, mara moja moja linganisha mashine na maabara ya hospitali. Hapo ndipo wengi hukosea. Tuchukue mfano.

Mzee mmoja wa upande wa Nkoaranga alijipima nyumbani saa 12 asubuhi, kabla ya kula. Mashine ikasema 6.9. Akanywa chai ya sukari na mkate, akapanda gari kwenda Arusha mjini. Saa 3 maabara ikampima, ikasema 10.8. Mzee akasema, "Mashine yangu ni mwongo. Nitaongeza insulini."

Ndugu msomaji, mashine haikudanganya. Zilikuwa sukari mbili za nyakati mbili, na katikati yake kulikuwa na chai. Ulinganisho wa haki ni huu:

1. Nenda hospitali na mashine yako kabla ya kula asubuhi. Baada ya kula, damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko damu ya mshipa, hata mashine ikiwa nzima. Kama unatumia insulini au vidonge, muulize mganga mapema jinsi ya kutumia dawa siku hiyo, na beba chakula.

2. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Ukimenya ndizi mbivu au embe na usinawe, sukari ya tunda iliyobaki kidoleni hupandisha namba.

3. Jipime kidoleni wakati uleule damu inapotolewa mkononi, isipite dakika 10. Usitumie damu ya kichupa cha maabara.

4. Omba damu ishughulikiwe mapema. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya kichupa. Damu ikikaa kwa saa nyingi, jibu la maabara hushuka, na mashine yako huonekana kama imezidisha.

5. Hakikisha majibu yote mawili ni ya kipimo kimoja. Kama moja ni la mmol/L na jingine la mg/dL, gawanya lile la mg/dL kwa 18.

Tofauti gani inakubalika?

Majibu hayawezi kulingana kabisa. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliweka kipimo hiki: maabara ikionyesha 5.5 au zaidi, mashine isizidi wala kupungua zaidi ya 15 katika kila 100. Ikiwa chini ya 5.5, tofauti isipite 0.8. Mashine nzuri hutimiza hayo mara 95 katika majaribio 100.

Mzee wetu alirudi siku nyingine, akafuata hatua zote. Maabara: 7.4. Mashine: 8.2. Tofauti ni 0.8. Sasa tupige hesabu: 7.4 mara 15 ni 111. Gawanya kwa 100, unapata 1.1. Kwa hiyo mashine ingeweza kusema chochote kati ya 6.3 na 8.5. Mashine ya mzee ni nzima.

Kama ingesema 9.6, angerudia kwa stripu mpya siku hiyo hiyo. Ikitoka nje tena, mashine ipelekwe kliniki, na mganga achunguze pia kama mgonjwa ana upungufu wa damu. Damu ikipungua, mashine nyingi huonyesha sukari zaidi ya iliyopo. Usibadili dawa mwenyewe.

Kumbuka pia kuwa mashine nzima inaweza kusema 4.6 na kweli ikawa 3.8. Basi ukitetemeka, ukatoka jasho na moyo kwenda mbio, usibishane na namba. Kunywa maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari, kisha jipime tena baada ya dakika 15.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mzee alidhani mashine yake ni mwongo?
2. Maabara imesema 10.0, mashine 11.2. Je, inakubalika?
3. Maabara imesema 4.0, mashine 5.2. Je, inakubalika?