Sabuni ya Kwanza Ilikuwa Uji

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani. Ukiuzwa mkavu kwa magunia, bei yake ni ndogo. Ukisagwa ukatiwa kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, pamoja na karafuu au mchaichai, kipande kimoja huweza kuuzwa kwa mgeni kwa bei inayozidi ya kilo nzima ya mwani. Ndiyo maana sabuni za mwani zimejaa kwenye maduka ya zawadi, zimefungwa karatasi za kahawia, na karibu kila moja ina kijikaratasi chenye hadithi ya aliyeitengeneza.

Hadithi hizo nyingi hazisomeki. Nyingine ni ndefu kama risala ya harusi. Nyingine zimesafishwa na mtu wa mjini mpaka huwezi kujua kama aliyesema ni mama wa Jambiani au meneja wa benki.

Tumchukue mtengeneza sabuni wa mfano, mkulima wa mwani wa miaka mingi. Ameombwa aeleze habari zake, naye amezungumza hivi, neno kwa neno:

“Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia uhai na uzima. Mie mzaliwa wa hapahapa Jambiani, skuli nimesoma hapa, nimeolewa hapa, wanangu wanne wote nimewazaa hapa. Sabuni zetu ni bora, za asili, za kipekee, zinatengenezwa kwa upendo na ubunifu wa hali ya juu. Mwani nimelima miaka kumi na sita. Bamvua likifika tunashuka, tunafunga kamba, tunarudi jua la utosi, mgongo hausemeki. Ukishauanika, kilo haikupi hata pesa ya kilo ya mchele. Basi yakaja mafunzo, tulikuwa wengi, wengine wakaacha, na mwalimu alikuwa mtu mzuri sana. Sabuni yangu ya mwanzo niliimwaga. Haikushika, ilikuwa uji. Mume wangu akasema, umetuharibia mafuta ya wiki nzima. Ndo nikajua: kostiki hupimwa kwa mizani, si kwa kikombe. Sabuni hii inaondoa chunusi, fangasi na makunyanzi. Karibuni sana, mteja ni mfalme.”

Mhariri mwenye haraka angeandika upya: “Baada ya kukabiliana na changamoto mbalimbali za kiuchumi, mwanzilishi aliamua kujikita katika uzalishaji wa sabuni zenye ubora.” Sentensi ni sahihi, na imekufa. Mgongo usiosemeka umegeuka changamoto, uji umepotea, na mume na mafuta yake hawaonekani tena.

Njia iliyo salama ni kufuta tu, bila kuandika upya. Mhariri anashika kalamu na kila sentensi anaiuliza swali moja: je, sabuni ya jirani ingeweza kusema maneno haya? “Bora, za asili, za kipekee” yanafaa kwenye sabuni yoyote, hata mchele. Yanakwenda. “Mteja ni mfalme” kadhalika. Cha kuchekesha ni kwamba sentensi hizi ndizo ambazo mwenyewe huwa anazipenda zaidi, kwa kuwa kazisikia kwenye matangazo na anadhani ndivyo biashara inavyozungumza. Kwa kweli hiyo si sauti yake, ameiazima.

Mafunzo na mwalimu mzuri ni jambo jingine. Hayo ni ya kweli na ni yake, ila msomaji hana la kufanya nayo. Hadithi imesimama njiani kusalimia watu. Yanafutwa, na kama mwalimu anastahili shukrani, apewe mkononi.

Chunusi, fangasi na makunyanzi yanaondolewa kwa sababu nyingine kabisa. Sabuni inayodai kutibu ugonjwa imejiita dawa, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, unaosimamia dawa na vipodozi visiwani, utakuwa na haki ya kudai ushahidi. Sabuni inaosha. Hilo linatosha.

Palipo pagumu ni kwenye “hapa, hapa, hapa.” Mhariri mgeni angeona marudio na kuyakata yote. Lakini yapo marudio ya mtu aliyepotea ndani ya maneno yake, na yapo marudio ya mapigo, ya mtu anayegonga meza kwa kidole. Haya ni ya pili. Yanapunguzwa, hayang’olewi. Vivyo hivyo “mie,” “ndo,” “hausemeki”: ukiyageuza kuwa “mimi,” “ndiyo” na “unauma sana,” umeisahihisha sarufi na umemfukuza mwenye hadithi.

Na shukrani kwa Mungu? Kuifuta kimyakimya ni utovu wa adabu, na mwenyewe ataona. Hapa mhariri anamuuliza, na mara nyingi jibu linakuwa neno moja tu lililohamishiwa mwishoni.

Kisha kuna pengo. Mzungumzaji anayezunguka sana mara nyingi analiruka jambo lenyewe, kwa kuwa kwake ni la kila siku. Mama huyu hakusema sabuni inakaa muda gani kabla ya kuuzwa. Ukimuuliza, anajibu bila kufikiri: “Wiki sita rafuni. Sabuni changa haikai bafuni.” Ni kweli: sabuni isiyopikwa motoni huachwa wiki nne hadi sita ili maji yatoke na kipande kiwe kigumu. Jibu hilo moja linamweleza mnunuzi mengi kuliko sifa zote alizofutiwa. Swali la pili, kwa nini aliacha kuuza magunia matupu, nalo linaziba shimo katikati ya hadithi.

Baada ya kufuta na kuuliza, yanabaki haya:

“Mie nimezaliwa Jambiani, nimeolewa Jambiani, na mwani nimelima miaka kumi na sita. Bamvua likifika tunashuka, tunarudi jua la utosi, mgongo hausemeki. Ukishauanika, kilo haikupi hata pesa ya kilo ya mchele. Nikaona bora niutie kwenye sabuni. Ya mwanzo niliimwaga. Haikushika, ilikuwa uji. Mume wangu akasema, umetuharibia mafuta ya wiki nzima. Ndo nikajua: kostiki hupimwa kwa mizani, si kwa kikombe. Sasa kila kipande kinakaa rafuni wiki sita, maana sabuni changa haikai bafuni. Alhamdulillahi, sijamwaga tena.”

Wengine wangeona aibu kuacha habari ya sabuni iliyoharibika. Lakini ndiyo nguzo ya hadithi. Kostiki ikipungua, mafuta hayageuki yote na sabuni hubaki laini. Ikizidi, inaunguza ngozi. Mtu aliyekwisha kumwaga mafuta ya nyumba nzima kwa kosa la kikombe anaaminika anaposema anapima.

Jaribio la mwisho ni la sauti. Mama anasomewa maandishi yake, kisha anayasoma mwenyewe, na mhariri anaweka alama kila ulimi unapokwama. Penye kukwama ndipo mhariri alipoingiza neno lake. Linatolewa, la mama linarudishwa, hata kama sentensi itapinda kidogo.

Kwenye mkanda wa karatasi wa kipande cha gramu 100 hata maneno hayo hayaenei. Hadithi nzima inakwenda kwenye kadi ya dukani, na kwenye sabuni zinabaki sentensi mbili: “Sabuni yangu ya mwanzo niliimwaga. Hii imekaa rafuni wiki sita.”