Hojaji ya Mgonjwa Asiyeweza Kumeza

Saratani ya umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea sana katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati uvimbe umeshaziba njia na upasuaji wa kuuondoa hauwezekani tena. Baadhi yao huwekewa stenti, kimrija cha wavu wa chuma kinachotanuka ndani ya umio na kuacha upenyo. Uvimbe unabaki palepale. Kinachotafutwa ni mgonjwa aweze kula kwa muda aliobakiwa nao. Eksirei itaonyesha kama stenti imekaa sawa, na mizani itaonyesha kilo. Lakini kama tonge linapita, na kama usiku unaisha bila kupaliwa, ajuaye ni mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana tafiti za tiba hii hutegemea hojaji ambayo majibu yake hutoka kwa mgonjwa bila daktari wala muuguzi kumsemea.

Hojaji za namna hiyo ni nyingi mno, na makosa ya kuchagua huanza pale mtafiti anapochukua ile aliyoizoea. Tuchukue utafiti wa kubuni katika hospitali ya magharibi mwa Kenya: kundi moja linawekewa stenti pekee, kundi la pili linawekewa stenti na kuongezewa mionzi kwa siku chache. Swali la kwanza halihusu hojaji hata kidogo. Ni hili: tiba ya pili inatarajiwa kubadilisha nini katika maisha ya mgonjwa, na lini? Kuandika tu kwamba utafiti utapima “ubora wa maisha” hakutoshi, kwa sababu neno hilo hubeba maumivu, usingizi, fedha, ibada, ndoa na mengine mengi ambayo mionzi haiyagusi. Katika mfano huu jibu linaweza kuandikwa kwa mstari mmoja: mionzi inatarajiwa kuchelewesha umio kuziba tena, kwa hiyo kinachopimwa kwanza ni shida ya kumeza, uchovu na maumivu vinafuata, kwa kuwa mionzi inaweza kuviongeza.

Jibu hilo likishaandikwa, hojaji nyingi zinajiondoa zenyewe. EQ-5D-5L ni fupi na inapendwa na wachumi wa afya. Inauliza mambo 5 tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu na wasiwasi, yote kwa hali ya siku hiyohiyo. Mtu anayetembea vizuri, anaoga mwenyewe, hana maumivu, ila hajameza kitu kigumu kwa mwezi mzima, anaweza kuonekana humo kama mzima. APCA African POS ilitengenezwa Afrika kwa ajili ya huduma ya tiba shufaa. Ina maswali 10, 7 ya mgonjwa na 3 ya mwanafamilia anayemuuguza, na inagusa amani ya moyo na haja ya familia kupata ushauri. Kwa utafiti wa hospisi ingekuwa chaguo la kwanza. Hapa haifai kuwa kipimo kikuu, maana shida ya kumeza haina nafasi yake humo.

Inabaki familia ya hojaji za EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa saratani. Hojaji yake ya msingi, QLQ-C30, iliyochapishwa mwaka 1993, ina maswali 30 kwa mgonjwa wa saratani yoyote, na ina toleo la Kiswahili. Juu yake huongezwa hojaji ndogo ya aina ya saratani inayohusika. Kwa umio zipo mbili: QLQ-OES18, yenye maswali 18, na QLQ-OG25, iliyokuja baadaye ikiwa na maswali 25 na kujumuisha pia saratani ya tumbo. Wengi wangechukua hiyo mpya bila kufikiri mara mbili. Hapa ndipo inapofaa kusoma maswali yenyewe, moja baada ya jingine, kwa jicho la mgonjwa.

OG25 inauliza kama mgonjwa amepata shida ya kula vyakula vigumu katika wiki iliyopita. OES18 inauliza kama aliweza kuvila. Tofauti inaonekana ndogo mpaka mtu amsikilize mzee aliyeacha ugali miezi mitatu iliyopita kwa kuogopa kupaliwa. Akiulizwa kama amepata shida kula ugali, anaweza kujibu “hapana kabisa”, na ni kweli, kwa sababu hajaugusa. Akiulizwa kama aliweza kuula, atasema hapana. Jibu la kwanza linamweka pamoja na watu waliopona. La pili linamweka mahali pake. Katika jamii ambako mlo ni ugali na uji, na mgonjwa huhama taratibu kutoka kimoja kwenda kingine, OES18 inaelekea kumkamata vizuri zaidi. Dhana hiyo haifai kuachwa ibaki dhana. Wagonjwa kadhaa wanaketi na mhoji kabla ya utafiti, wanasomewa kila swali, kisha wanaombwa waeleze kwa maneno yao swali limeuliza nini na walifikiria chakula gani. Hapo hujitokeza mambo ambayo kamati nzima ya wataalamu isingeyaona: uji mzito mmoja huuita chakula laini, mwingine kinywaji.

Kazi hiyo ya kuhakikisha kwamba maswali yanagusa kilichokusudiwa, hayakosi jambo kubwa na yanaeleweka, ndiyo ambayo kundi la COSMIN, linaloweka viwango vya kupima ubora wa hojaji, huiweka mbele ya takwimu zote. Hojaji inaweza kutoa majibu yaleyale leo na wiki ijayo, kwa uthabiti wa kupendeza, huku ikipima kitu kisichohitajika.

Lugha ina mtego wake. Kuwapo kwa toleo la Kiswahili hakumaanishi kwamba mama wa Bomet, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na lugha yake ya nyumbani ni Kikalenjini, ataelewa sawasawa na mwalimu wa Tanga. Mahali ambapo toleo halipo, haifai muuguzi mwenye huruma atafsiri papo hapo kitandani, kwani kila mgonjwa atakuwa amejibu hojaji yake peke yake. Utaratibu wa EORTC unataka watafsiri wawili wanaofanya kazi kila mmoja kwa upande wake, kazi zao kuunganishwa, kisha tafsiri kurudishwa Kiingereza na watu wengine ili ionekane kilichopotea, na mwishoni kujaribiwa kwa wagonjwa. Ruhusa ya shirika lenyewe inahitajika, na hakuna neno linalobadilishwa bila hiyo. QLQ-C30, kwa mfano, inauliza kuhusu kubeba mzigo mzito kama mfuko wa manunuzi au sanduku la safari. Mtafiti atashawishika kuandika ndoo ya maji, na pengine ana haki. Lakini njia ni kulipeleka pendekezo hilo kwa wenye hojaji.

Baada ya maneno huja alama, na alama hizi zinastahili kuhesabiwa kwa mkono angalau mara moja. Kipengele cha kumeza katika OES18 kina maswali 3: vyakula vigumu, vyakula laini, vinywaji. Kila moja lina majibu manne, kuanzia “hapana kabisa” hadi “sana”. Kwa kuwa yanauliza uwezo, majibu hugeuzwa kwanza ili alama kubwa imaanishe shida kubwa. Mgonjwa asiyeweza kabisa vigumu anapata 3, anayeweza laini kidogo tu anapata 2, na anayekunywa bila taabu anapata 0. Jumla ni 5 kati ya 9, yaani takriban 56 kwa 100. Wiki mbili baada ya stenti anakula laini vizuri na vigumu kidogo: 2 kati ya 9, yaani 22. Ameshuka alama 33 hivi, na hiyo ni nafuu kubwa. Mchambuzi akisahau kugeuza, nafuu hiyohiyo itatokea kwenye jedwali kama kuzidiwa. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: wagonjwa wanaongezeka uzito huku “shida ya kumeza” ikipanda.

Hesabu hiyo inafundisha jambo jingine. Hatua moja katika swali moja ni 1 kati ya 9, yaani alama 11 hivi. Mgonjwa mmoja hawezi kubadilika kwa alama 5, kwa sababu kipimo hakina hatua hiyo. Utafiti wa Uingereza uitwao ROCS, uliolinganisha stenti pekee na stenti pamoja na mionzi, uliweka kuzidiwa kwa alama 11 au zaidi kama mojawapo ya ishara za umio kuziba tena. Ulitumia OG25, ambayo kipengele chake cha kumeza nacho kina maswali 3. Basi itifaki ya mfano wetu inaweza kuchukua alama 11 kama tofauti inayotafutwa kati ya makundi. Tukidhani kwamba alama za wagonjwa hutawanyika kwa mkengeuko wa 22, watahitajika wagonjwa 63 kila kundi. Tukitarajia 3 kati ya 10 wasifike kupimwa, 90.

Lini wapimwe? Hojaji inauliza kuhusu wiki iliyopita. Ikijazwa siku ya nne baada ya stenti, nusu ya wiki hiyo ni ya kabla ya stenti, na iliyobaki imejaa maumivu ya kifua ya siku za mwanzo. Kipimo kabla ya tiba, kisha wiki ya 4, 8 na 12, kinaepuka hilo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha stenti ikileta nafuu upesi, na mionzi inayowekwa ndani ya umio ikileta nafuu ya kudumu zaidi. Aliyepima mara moja tu angeona nusu ya habari. Tatizo gumu ni vifo. Walio hoi hufariki au hushindwa kujibu, wastani wa waliosalia unapanda, na kundi zima linaonekana kupata nafuu ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyeipata. Kuongeza idadi ya wagonjwa hakuponyi hilo. Itifaki inabidi iseme mapema kwamba vifo vitaripotiwa peke yake na kwamba sababu ya kila hojaji iliyokosekana itaandikwa siku ileile.

Yote haya huingia kwenye itifaki kwa aya chache. Mwongozo wa SPIRIT-PRO wa mwaka 2018 unaeleza yanayotakiwa kuwamo, na sehemu ya uteuzi inaweza kusomeka hivi: “Kipimo kikuu ni alama ya shida ya kumeza ya QLQ-OES18 katika wiki ya 12, pamoja na QLQ-C30 toleo la 3.0. OES18 imechaguliwa badala ya OG25 kwa sababu inauliza uwezo wa kula, na mahojiano ya awali yalionyesha kwamba wagonjwa walioacha ugali hawauhesabu kuwa shida. Maswali 48 yatasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili au Kikalenjini, na msaidizi asiyehusika na tiba. Ndugu hatajibu kwa niaba ya mgonjwa.” Kamati ya maadili ikisoma aya hiyo inajua kilichochaguliwa, kilichoachwa na sababu yake. Sentensi iliyozoeleka, kwamba hojaji “imethibitishwa na inatumika sana duniani”, haisemi lolote kati ya hayo.

Aya moja husahauliwa mara nyingi. OES18 inauliza pia kuhusu kumeza mate, na mgonjwa anayejibu wiki ya 8 kwamba mate hayapiti huenda stenti yake imezibwa na chakula, jambo linalotibika kwa endoskopia. Karatasi ikienda moja kwa moja kabatini kusubiri uchambuzi, atakuwa amewaambia watu wa hospitali na asisikike. Kwa hiyo itifaki inataja nani anazisoma karatasi siku hiyohiyo, majibu yapi yanamfanya apige simu, na anampigia nani.