Barua kwa mwalimu: namna ya kuomba klabu ya michezo bila kuomba franka

Wazazi wengi wanapenda watoto wabaki masomoni saa moja kwa wiki wakicheza michezo ya akili. Wanamwambia mwalimu kwa mdomo pa mlango, mwalimu anajibu « tutaona », na jambo linaishia pale. Si kwamba mwalimu ni mbaya. Kichwani mwake kuna maswali manne: nani atalipa, nani atachunga watoto, wapi, na mpaka saa ngapi? Barua nzuri inajibu hayo yote mbele hajauliza.

Swali la kwanza ndilo nzito zaidi. Tangu mwaka wa 2019, masomo ya msingi ya serikali ni ya bure katika Kongo. Mwalimu akikusanya hata franka kidogo « za klabu », mzazi mwingine anaweza kusema michango imerudi kwa mlango wa nyuma, na mwalimu ndiye atajibu. Kwa hiyo barua iseme waziwazi kwamba hakuna mtoto atakayelipa.

Tuchukue mfano wa mzazi wa Bukavu, mwenye mtoto katika darasa la tano. Barua yake inaweza kuwa hivi:

« Bwana Mwalimu,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa mmoja wa wanafunzi wako wa darasa la tano. Ninaomba ruhusa tuanzishe klabu ya michezo, kila siku ya tatu, saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu, katika kiwanja, ili tusisumbue wale wanaosoma mchana.

Hakuna mtoto atakayelipa kitu. Mimi na mzazi mwingine mmoja tutakuwa pale tangu mwanzo mpaka mtoto wa mwisho atoke. Wewe hautalazimika kubaki.

Tungeanza na michezo mitatu:

1. Dame. Tunachora miraba 64 juu ya karto. Kila mchezaji ana vifuniko 12 vya chupa: mmoja anavigeuza juu, mwingine chini. Kifuniko kikifika mwisho, tunaweka kingine juu yake, kinakuwa dame.

2. Kisoro. Mashimo 32 katika udongo, mistari minne ya mashimo 8, na vijiwe 64. Kila mchezaji ana mistari miwili na vijiwe 32.

3. Nzango. Haihitaji kitu. Vikundi viwili vinasimama uso kwa uso. Mmoja wa kila upande anatoka, wanapiga makofi, wanaruka na kutupa mguu mbele. Miguu ikilingana, kikundi kimoja kinapata alama. Ikipishana, ni kingine.

Tujaribu wiki nne, kisha wewe na Bwana Direktere muamue kama tuendelee. Nakala ya barua hii nimempa yeye pia.

Asante, Bwana Mwalimu. »

Angalieni hesabu yake. Dame tatu zinachukua watoto 6, kisoro tatu watoto 6, na nzango ya vikundi viwili vya sita inachukua 12. Jumla ni 24. Darasa likiwa na watoto 48, nusu wanacheza wiki hii, nusu wiki ijayo. Ukiwaita wote siku moja, nusu watakaa bure, watapigana, na mwalimu atafunga klabu.

Vifaa navyo ni vya kuokota. Dame tatu zinahitaji vifuniko 72, na vingine vichache vya kubebesha. Omba kwa wauza vinywaji na uvisugue kingo juu ya jiwe, kwani vinakata vidole. Kwa kisoro, tumia vijiwe, si maharagi. Maharagi ni chakula. Yatapungua kila wiki na utaanza kutafuta mwizi kati ya watoto. Wakati wa mvua mashimo yanajaa matope: chora viduara kwa chaki juu ya simenti. Lakini nzango isichezwe juu ya simenti yenye maji, watoto watateleza.

Kuna jambo moja la kupatana siku ya kwanza: sheria. Kisoro na dame hazichezwi sawa katika kila nyumba, na watoto waliokimbia vita kutoka vijiji vingine wanaleta sheria zao. Waulizeni, chagueni pamoja, muandike juu ya karto. Mtoto mgeni anayefundisha wengine namna ya kwao hakai tena peke yake pembeni.

Na saa saba na nusu ikifika, mchezo unakatwa hata kama haujaisha. Watoto wengine wanatembea mbali, na mzazi anayengoja nyumbani anahesabu dakika. Klabu ikichelewesha watoto mara moja tu, barua ya pili itakuwa ya wazazi kwa direktere, ya kuomba ifungwe.