Dokezo la Kurasa Mbili kwa Kabrasha la Kurasa 214

Dokezo langu la kwanza la zabuni lilikuwa na kurasa 11. Nilifupisha kabrasha zima kwa mpangilio wake, sura baada ya sura, nikampelekea Mkurugenzi Mtendaji nikijua nimemaliza kazi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: “Sasa mwanangu, unataka nifanye nini?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemweleza kabrasha linasema nini, nikasahau kumweleza lingeigharimu nini kampuni.

Tangu hapo kila dokezo naliandika kuanzia swali hilo. Kabla ya kuonyesha namna, kuna jambo moja la kufahamu, kwa sababu ndilo linaloitofautisha zabuni ya umma na biashara ya kawaida. Ukinunua shamba, usipopenda sharti fulani unakaa na mwenye shamba mkazungumza. Kwenye zabuni hakuna kikao cha namna hiyo. Mzabuni akiandika kwenye ofa yake kwamba sharti fulani halikubali, au analikubali kwa namna yake, na sharti lenyewe likawa zito, ofa inatupwa nje hata kama bei yake ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa hiyo kila hatari unayoikuta ndani ya kabrasha ina njia tatu tu: kuiuliza kabla muda wa maswali haujaisha, kuiwekea bei, au kuacha zabuni. Dokezo zuri humwambia mkurugenzi kila hatari inapita njia ipi.

Tuchukue mfano wa kampuni ya ujenzi ya ukubwa wa kati inayotaka kuomba kazi ya maji mkoani Dodoma: kulaza bomba la kilomita 18 na kujenga tangi, kwa miezi 12. Makisio ya kampuni ni shilingi bilioni 4. Kabrasha lina kurasa 214.

Usianze ukurasa wa kwanza. Maelekezo kwa wazabuni na masharti ya jumla ya mkataba, ambayo ndiyo yanayojaza kurasa nyingi, kwa kawaida hayabadiliki kutoka zabuni moja hadi nyingine. Yanayobadilika yako sehemu mbili fupi: jedwali la taarifa za zabuni na masharti maalumu ya mkataba. Masharti maalumu yana nguvu kuliko ya jumla. Masharti ya jumla yanaweza kutumia nusu ukurasa kueleza jinsi bei itakavyorekebishwa vifaa vikipanda, halafu masharti maalumu yakasema kwa mstari mmoja kwamba kifungu hicho hakitatumika. Aliyesoma la kwanza bila la pili atamwambia bosi wake jambo lisilo kweli.

Kwenye jedwali la taarifa tunakuta tarehe. Zabuni zinafunguliwa tarehe 10 Machi, na ofa iendelee kuwa hai kwa siku 120, yaani hadi tarehe 8 Julai. Dhamana ya zabuni kutoka benki inatakiwa iishi siku 28 zaidi ya hapo, yaani hadi tarehe 5 Agosti. Ofisa wa benki akiandika siku 120 kwa kuwa ndiyo namba aliyoiona kwanza, dhamana itakufa Julai na ofa itakataliwa kabla mtu hajaangalia bei. Hatari hii haihitaji maelezo marefu kwenye dokezo. Inahitaji tarehe moja na jina la mtu atakayeikagua dhamana kabla haijatoka benki.

Hatari kubwa ya zabuni hii ilijificha mahali ambapo wengi hawapasomi: maelezo ya utangulizi ya jedwali la kazi na bei. Mstari mmoja unasema bei ya kuchimba mtaro itahesabiwa kuwa imejumuisha udongo wa kila aina pamoja na mwamba. Dodoma imekaa juu ya miamba ya matale, na mtu yeyote aliyewahi kuchimba choo huko anaijua habari hiyo. Mtaro wa kilomita 18, wenye upana wa sentimita 70 na kina cha mita 1.2, ni kama mita za ujazo 15,000. Tukikisia sehemu moja ya tano ni mwamba, hizo ni mita za ujazo 3,000. Kama kuvunja mwamba kunazidi kuchimba udongo kwa shilingi 60,000 kila mita ya ujazo, mstari ule mmoja una thamani ya shilingi milioni 180.

Hapa njia ya kwanza bado iko wazi. Swali linaulizwa kwa maandishi: je, mwamba unaweza kupimwa na kulipwa peke yake? Jibu litapelekwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza, kwa hiyo hakuna siri inayovuja. Kama jibu ni hapana, milioni 180 inaingia kwenye bei. Lakini ile sehemu moja ya tano ni makisio yangu ya mezani. Kwa hiyo dokezo linaomba pia ruhusa ya kupeleka fundi akachimbe mashimo machache ya majaribio kwenye njia ya bomba, tuijue namba kabla ya kuiweka.

Fidia ya ucheleweshaji ni asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, na kikomo chake ni asilimia 10. Ukiandika hivyo tu, mkurugenzi ataruka mstari. Andika kwa shilingi: milioni 4 kwa siku. Kama faida tuliyoikusudia ni milioni 320, siku ya 80 ya kuchelewa imekwisha yote. Siku ya 100 tunafika kikomo cha milioni 400, na kabrasha hili, kama mengi ya aina yake, linamruhusu mwajiri kuvunja mkataba hapo. Kikomo kinachoonekana kama kinga ndicho kinachofungua mlango wa kufukuzwa kazini.

Mwisho ni fedha za mkononi, ambako nimeona kampuni zikiumia hata pale kazi yenyewe inapokwenda vizuri. Kazi ya mwezi wa kwanza inapimwa mwisho wa mwezi, mhandisi mshauri anaihakiki na kutoa hati ya malipo ndani ya mwezi wa pili, kisha mwajiri ana siku 28 za kulipa. Fedha zinaingia mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kwa matumizi ya milioni 300 kwa mwezi, tumeshatoa milioni 900 mfukoni. Malipo ya awali ya asilimia 15 yangetupa milioni 600, ila yanadai dhamana ya benki ya kiasi hichohicho, na benki itauliza hati ya nyumba au kiwanja. Swali la kumpelekea mkurugenzi ni moja: hati zetu ziko huru, au tayari zimeshikwa na mkopo mwingine? Jibu analo yeye, halimo kwenye kabrasha.

Dokezo lenyewe likawa hivi, baada ya kichwa cha habari:

“Yah: Zabuni ya bomba na tangi la maji, Dodoma.

Napendekeza tushiriki, kwa masharti mawili. Kwanza, swali kuhusu mwamba (uk. 131) liwasilishwe kabla ya tarehe 24 Februari, tusipokubaliwa, tuongeze milioni 180 au kiasi kitakachothibitishwa na mashimo ya majaribio. Pili, mhasibu athibitishe kwamba tuna hati huru za kuombea dhamana ya milioni 600, bila hiyo napendekeza tuache, kwa kuwa tutahitaji milioni 900 kabla ya malipo ya kwanza (uk. 88). Kuchelewa kutatugharimu milioni 4 kwa siku (uk. 90). Hakuna marekebisho ya bei (uk. 91), hivyo muuza mabomba atupe bei ya maandishi isiyobadilika. Dhamana ya zabuni iishi hadi tarehe 5 Agosti, nitaikagua mwenyewe. Nawasilisha.”

Namba za kurasa si mapambo. Mkurugenzi akitilia shaka anafungua ukurasa ule ule na kusoma kwa macho yake, badala ya kuniamini mimi kwa jambo linaloweza kuigharimu kampuni. Ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali la tarehe na hesabu za hapo juu, basi.

Alilirudisha dokezo mchana uleule. Pembeni ya mstari wa mwamba aliandika kwa kalamu: “Uliza leo.” Pembeni ya mstari wa hati aliandika: “Kimoja kimeshikwa. Njoo tuongee.”