Jina la Benki Si Ushahidi

Nataka kuwaeleza, na hasa ninyi wazee wa shule hii ambao sasa mna mishahara na kadi za benki, jambo nililoliona kwa macho yangu wakati wa likizo iliyopita hapa Uganda.

Nilikuwa nikimsaidia Baba Mdogo katika duka lake la misumari, mabati na rangi. Asubuhi alikuwa ameweka fedha katika benki, na ujumbe wa benki ukaingia katika simu yake kama kawaida. Jioni, tulipokuwa tukihesabu mauzo, ukaja ujumbe mwingine chini ya ule wa asubuhi, wenye jina lile lile la benki juu yake. Ulisema kwamba shilingi 1,850,000 zilikuwa zikitolewa katika akaunti yake, na kama si yeye anayezitoa, apige simu upesi kwa namba iliyoandikwa pale.

Baba Mdogo hakuwa na shaka hata kidogo. Aliniambia, "Mwanangu, huoni? Ni benki yenyewe, na ujumbe wa leo asubuhi uko hapo juu yake." Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Yafaa tujue jina hili linatoka wapi. Mtu akituma ujumbe kwa simu ya kawaida, namba yake huonekana. Lakini makampuni hutuma ujumbe mwingi kwa mara moja kwa kupitia mitambo ya kompyuta, na mitambo hiyo huruhusu kuandika jina mahali pa namba, jina lisilozidi herufi 11. Katika nchi ambayo majina hayo hayachunguzwi sawasawa, mwizi naye aweza kuandika jina la benki. Nayo simu yako haimjui aliyeandika. Kazi yake ni kupanga ujumbe wenye jina moja mahali pamoja. Kwa hiyo ujumbe wa uongo hukaa chini ya ujumbe wa kweli, kama mgeni aliyevaa sare ya shule akaingia katika mstari.

Haya yalitokea kwa wingi huko Singapuri mwezi wa Desemba 2021. Wateja wa benki ya OCBC walipata ujumbe wa namna hiyo, wenye jina la benki yao, ukiwataka wabonyeze anwani ya mtandao ili watengeneze akaunti zao. Wengi walibonyeza, wakaandika siri zao katika ukurasa wa uongo, na mamilioni ya dola yakapotea. Baadaye nchi hiyo ikaanzisha daftari la majina. Kuanzia mwisho wa Januari 2023, ujumbe wenye jina lisiloandikishwa huko ulifika ukiwa na maneno "Likely-SCAM" mahali pa jina, yaani huenda ni udanganyifu.

Sasa turudi dukani. Baba Mdogo alipiga ile namba. Akaitika kijana mwenye adabu nyingi: "Shikamoo mzee, pole sana kwa usumbufu." Alisema kwamba atayazuia yale malipo, ila kwanza amtambue mteja. Akaomba namba zilizo mbele ya kadi, tarehe ya mwisho wake, na zile tatu za nyuma. Baba Mdogo akamsomea zote. Kisha kijana akasema, "Sasa utapata namba ya kuyafuta malipo, nisomee upesi kabla fedha hazijaondoka."

Na kweli, haukupita muda ujumbe ukaingia. Huu ulikuwa wa kweli, umetoka benki. Hapa ndipo watu wengi hunaswa, kwa maana husema, "Kama yule si mtu wa benki, amejuaje kwamba namba itakuja?" Amejua kwa sababu yeye ndiye aliyeiita. Wakati alipokuwa akizungumza, aliziandika namba za kadi katika duka moja la mtandao kana kwamba ananunua kitu. Benki ilipoona hayo, ikatuma namba ya OTP kwa simu ya mwenye kadi, kumwuliza kama ni yeye anayenunua. Mwizi alikuwa na kila kitu isipokuwa namba hiyo.

Baba Mdogo alikuwa amekwisha kusoma tarakimu tatu kati ya sita nilipochungulia begani kwake. Maneno yaliyotangulia ile namba yalisema: namba ya kuthibitisha malipo ya shilingi 1,850,000, usimpe mtu yeyote. Nikamwambia, "Baba Mdogo, hii ni ya kulipa, si ya kufuta!" Akanyamaza. Kijana akaanza kuhimiza, na adabu yake ikapungua, kwa maana namba hizi huishi dakika chache tu. Baba Mdogo akakata simu.

Basi, fundisho la kwanza ni hili: soma maneno kabla ya kusoma tarakimu. Mara nyingi ujumbe wa namba hueleza namba ni ya kazi gani: kulipa, kubadili neno la siri, au kuingiza akaunti katika simu mpya. Hii ya mwisho ni mbaya kuliko zote. Huko Singapuri wezi walizitumia siri walizopewa kuifanya simu yao wenyewe kuwa simu ya kuthibitishia malipo, na tangu hapo hawakuhitaji kumwuliza mwenye akaunti neno lolote. Ndiyo sababu Januari 2022 mabenki ya huko yaliagizwa kungoja angalau saa 12 kabla ya kuikubali simu mpya kwa kazi hiyo.

La pili, namba hii ina mahali pamoja tu pa kuandikwa: pale ulipoanza shughuli wewe mwenyewe. Kama hukuanza jambo lolote, hakuna mahali pake. Benki ndiyo iliyoitengeneza, basi itakuombaje kitu ilichokutumia yenyewe? Lakini angalieni, hata kuiandika katika ukurasa wa mtandao si salama kama ulifika hapo kwa kubonyeza anwani iliyoletwa na ujumbe. Ukurasa wa uongo huipokea namba, na mwizi huipeleka benki kabla haijafa.

La tatu, ukipata habari ya kutisha, usiijibu kwa njia iliyoileta. Iache, kisha piga namba iliyochapwa nyuma ya kadi yako, au tazama salio kwa njia uliyoizoea. Tulifanya hivyo jioni ile ile. Salio lilikuwa kamili, na mtu wa benki akatuambia kwamba hawakutuma ujumbe ule wa kwanza.

Hata hivyo kazi haikuisha. Namba za kadi zilikuwa mkononi mwa mwizi, na yako maduka ya mtandao yanayokubali kadi bila kuuliza namba ya OTP. Kwa hiyo Baba Mdogo aliomba kadi ifungwe papo hapo, akapewa nyingine baadaye. Kama angaliridhika kwa kukata simu tu, labda fedha zingaliondoka usiku.

Siku hizi ujumbe wa benki ukiingia, Baba Mdogo huvaa miwani, husoma maneno yote mpaka mwisho, kisha huiweka simu kifudifudi mezani na kuitafuta kadi yake ili aione namba ya nyuma.