Saa Sita za Mashine Moja: Rekodi za Kutafuta Haipaparamita

Kila modeli ya kujifunza kwa mashine ina namba ambazo haiwezi kujifunza yenyewe: kasi ya kujifunza, ukubwa wa fungu la data linalosomwa kwa mkupuo, idadi ya tabaka. Hizi ndizo haipaparamita, na lazima mtu aziweke kabla mafunzo hayajaanza. Mbinu tatu za kuzitafuta zimejiwekea rekodi zake, na rekodi hizo nazipima hapa kwa hali ya mtu mwenye mashine moja na muda mfupi, kwa sababu ndiyo hali ya wengi wetu.

Tuchukue kazi yenyewe. Zipo picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani Uganda, zikagawanywa na wataalamu katika makundi matano: magonjwa manne na majani yenye afya. Tuseme una saa sita za kadi moja ya grafiki, na kila jaribio kwenye sehemu ya picha hizo linakula dakika 15. Hiyo ina maana kwamba una majaribio 24, hakuna la ziada.

Mlafi kuliko wote: gridi

Gridi hujaribu kila mchanganyiko wa thamani ulizoorodhesha. Ukiwa na haipaparamita nne, kila moja ikiwa na thamani tatu, unapata majaribio 81, yaani zaidi ya saa 20. Zikifika sita, majaribio ni 729, na mashine yako itafanya kazi zaidi ya wiki nzima usiku na mchana. Kwa majaribio 24, ukizipa zote nne idadi sawa ya thamani, unamudu mbili tu kwa kila moja. Kasi ya kujifunza, ambayo mara nyingi ndiyo inayoamua kama modeli itajifunza au itakwama, utakuwa umeipima mahali pawili tu.

Gridi ina heshima yake palipo na haipaparamita moja au mbili. Hapo matokeo unayapanga kwenye jedwali, ukayasoma kwa macho na kuona kilele kiko upande gani.

Rahisi kuliko zote, na iliyowashangaza wengi: nasibu

Mwaka 2012 James Bergstra na Yoshua Bengio wa Montreal walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuchagua thamani kwa bahati nasibu hufikia matokeo mazuri sawa na ya gridi, au mazuri zaidi, kwa sehemu ndogo ya gharama. Sababu yake haina muujiza. Katika kazi nyingi ni haipaparamita chache tu zenye uzito, ila hujui mapema ni zipi, na zinabadilika kutoka data moja hadi nyingine. Gridi hurudia thamani ileile ya kasi ya kujifunza huku ikibadilisha vitu visivyo na athari. Nasibu, katika majaribio yako 24, itakuwa imepima kasi 24 tofauti.

Hesabu yake ni fupi. Uwezekano wa majaribio yote 24 kukosa asilimia 5 bora ya eneo unalotafuta ni 0.95 kwa kipeo cha 24, takriban 0.29. Kwa hiyo una nafasi ya asilimia 71 ya kuigusa angalau mara moja. Ukiridhika na asilimia 10 bora, nafasi inapanda hadi 92. Ukitaka asilimia 95 ya uhakika kwa ile asilimia 5 bora, unahitaji majaribio 59, na idadi hiyo haibadiliki uwe na haipaparamita mbili au kumi.

Ila soma vizuri maneno “eneo unalotafuta”. Ukiweka mipaka mibovu, utapata bora ya mabovu. Na hapa ndipo bajeti ndogo huteketea kimyakimya. Mtu huchagua kasi ya kujifunza kati ya 0.00001 na 0.1 kwa mgawanyo sawa, asijue kwamba asilimia 90 ya chaguo zake zitaangukia juu ya 0.01. Dalili ni majaribio mengi ambayo hasara inaruka juu au kuwa `nan`, na karibu hakuna lililokwenda taratibu. Tiba ni kuchagua kipeo badala ya thamani yenyewe:

```python
lr = 10 ** random.uniform(-5, -1)
```

Yenye mizizi Afrika: Bayes

Uboreshaji wa Bayes hutumia majaribio yaliyopita kukisia lijalo liwe wapi. Aina yake inayojulikana sana hujenga makisio ya uso mzima wa matokeo kwa mchakato wa Gauss, ikiweka pia kiasi cha shaka kwa kila mahali, kisha huchagua penye ahadi au penye giza. Hisabati hiyo ni ndugu wa ile aliyoianza mhandisi wa migodi Danie Krige mwaka 1951, alipokuwa akikadiria dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kutokana na sampuli chache zilizotawanyika. Wanajiolojia bado wanaiita kriging kwa jina lake.

Ushindi wake mkubwa

Mwaka 2012 Jasper Snoek, Hugo Larochelle na Ryan Adams waliiachia mbinu hii itafute haipaparamita za mtandao wa kutambua picha za CIFAR-10. Ikapunguza makosa kwa pointi zaidi ya tatu za asilimia kuliko mipangilio ya mtaalamu. Kabla ya AlphaGo kukutana na Lee Sedol mwaka 2016, ilitumika kuirekebisha, na katika michezo ya kujipima yenyewe kiwango cha ushindi kikapanda kutoka asilimia 50 hadi 66.5. Rekodi tamu kuliko zote ni ya watafiti wa Google, waliotumia mfumo wao wa Vizier kutafuta viwango bora vya viungo vya biskuti za chokoleti, huku waonjaji wakitoa alama.

Je, ushindi huo unamfikia mwenye majaribio 24? Kwa sehemu. Kipangaji cha TPE katika Optuna, kwa mfano, hufanya majaribio kumi ya kwanza kwa nasibu usipokibadilisha, kwa kuwa hakina cha kukisia bila data. Yanabaki 14 yenye mwongozo. Lisha Li na wenzake, waliounda Hyperband, walionyesha kuwa nasibu iliyopewa bajeti maradufu ni mshindani mgumu kwa mbinu nyingi za Bayes. Lakini bajeti maradufu ndiyo hasa usiyonayo. Tena, udhaifu unaotajwa sana wa Bayes, kwamba jaribio lazima lisubiri lililotangulia, humuumiza mwenye mashine hamsini. Mwenye mashine moja anasubiri vilevile. Kwa hiyo naamini hapo ndipo Bayes inapostahili nafasi, mradi mipaka imewekwa vizuri.

Rekodi inayodanganya kuliko zote

Ni ile alama ya juu kabisa katika majaribio yako. Ukipima kwa picha 1,000 na usahihi ukawa kama asilimia 85, kosa sanifu la kipimo ni karibu pointi 1.1. Jaribio la 17 likipata 85.6 na la 9 likapata 85.3, hujajua lipi bora. Na kadiri unavyochagua kinara kati ya wengi, ndivyo alama yake inavyozidi kubebwa na bahati.

Ndiyo maana nisingetumia majaribio yote 24 kutafuta. Ningetafuta kwa 20: kumi ya nasibu, kumi ya Bayes. Manne yaliyobaki ningewapa vinara wawili, kila mmoja mara mbili kwa mbegu mpya za nasibu. Wakikaribiana, ningechukua ule mpangilio wenye mafunzo mepesi, kisha ningeupima mara moja tu kwa picha ambazo hazikuguswa na jaribio lolote kati ya hayo 24.